ALEFU, DALETI, VAVU: Kwa Nini Mwaka Mpya wa Kiyahudi Hauangukii Jumapili, Jumatano wala Ijumaa

Utangulizi

Makala haya yanachunguza kanuni moja ya kalenda ya Kiyahudi ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kama kitendawili. Kalenda hiyo hufuata mwezi wa angani. Miezi yake huanza pale mwezi unapozaliwa, na mwaka wake mpya, yaani Rosh Hashana, ni siku ya kwanza ya mwezi uitwao Tishri, ambao huangukia Septemba au mapema Oktoba. Mwezi nao hauijui Jumatatu wala Jumanne. Huzaliwa siku yoyote ya juma bila upendeleo. Hata hivyo, ukipekua kalenda za Kiyahudi za karne nyingi zilizopita, hutapata hata mwaka mmoja ulioanza Jumapili, Jumatano au Ijumaa. Mwezi ukizaliwa katika mojawapo ya siku hizo, mwaka huahirishwa hadi siku inayofuata.

Kanuni hii hukaririwa kwa maneno matatu ya Kiebrania: Lo ADU Rosh. Maana yake ni kwamba mwanzo wa mwaka hauwi katika ADU. Herufi hizo tatu ni alefu, daleti na vavu, nazo husomwa kama tarakimu: moja, nne na sita. Msomaji anayeifahamu abjadi ya Kiarabu, ambayo wanazuoni wa pwani yetu wameitumia, ataona mara moja kwamba alifu, dali na wau zina thamani zizo hizo. Ni kusema kwamba mwaka hauanzi siku ya kwanza, ya nne wala ya sita ya juma.

Swali letu ni moja: kwa nini? Jibu, kama tutakavyoona, halimo katika siku ya mwaka mpya yenyewe. Limo katika siku nyingine mbili zinazoifuata katika mwezi huo huo. Mwaka mpya husogezwa ili siku hizo zisiangukie mahali pabaya.

Mtego wa majina ya siku na nafuu ya saa

Kabla ya kuingia ndani, yafaa mwanafunzi wa Kiswahili aepuke kosa ambalo lugha yetu humtegea. Kiebrania huhesabu siku za juma kuanzia Jumapili. Siku ya kwanza ni Jumapili, ya pili ni Jumatatu, na hivyo hadi ya saba ambayo ni Sabato, yaani Jumamosi. Kiswahili nacho huanzia Jumamosi, kama jina lenyewe linavyosema: mosi. Kwa hivyo anayeifasiri ADU kwa kufuata nambari zilizomo katika majina ya Kiswahili atasema kwamba mwaka hauanzi Jumamosi wala Jumanne, ilhali siku hizo mbili zinaruhusiwa kabisa. Daleti, yaani siku ya nne, ni Jumatano yetu. Na tano iliyomo katika jina hilo isitupotoshe.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kinatupa nafuu ambayo wasemaji wa lugha nyingi hawana. Siku ya Kiyahudi huanza jua linapotua, na katika hesabu ya kalenda saa zake huhesabiwa kuanzia kile tukiitacho saa kumi na mbili jioni. Saa ya tatu ya siku ni saa tatu yetu ya usiku. Saa ya kumi na moja ni saa kumi na moja alfajiri. Saa ya kumi na nane ni saa sita mchana, kwani tumeondoa zile kumi na mbili za usiku. Aidha, usiku wa Ijumaa katika hesabu hiyo ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, kama unavyoeleweka katika matumizi ya asili ya pwani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kugeuza chochote. Tofauti ni moja tu: saa ya kalenda hiyo imegawanywa katika vipande 1080, na dakika moja ni sawa na vipande 18.

Siku mbili za mapumziko zinapofuatana

Siku ya kumi ya Tishri ni Yom Kipur, Siku ya Upatanisho, ambayo ni siku ya kufunga na kutubu. Miongoni mwa sikukuu zote za mwaka, hii peke yake ina makatazo ya kazi yaliyo sawa na ya Sabato. Katika sikukuu nyingine, kwa mfano Pasaka, kupika chakula cha siku hiyo kunaruhusiwa. Katika Sabato na Siku ya Upatanisho hakuna kuwasha moto, hakuna kupika, hakuna kuchuma mboga, na hakuna kuzika maiti.

Sasa tuhesabu. Kutoka siku ya kwanza hadi siku ya kumi ya mwezi ni siku tisa, yaani juma moja na siku mbili. Kwa hivyo Siku ya Upatanisho huangukia siku mbili mbele ya siku ya juma iliyoanza mwaka. Mwaka ukianza Jumatano, Siku ya Upatanisho itakuwa Ijumaa, na Sabato itafuata papo hapo. Mwaka ukianza Ijumaa, Siku ya Upatanisho itakuwa Jumapili, na Sabato itakuwa imeitangulia. Katika hali zote mbili kutakuwa na siku mbili mfululizo ambazo ndani yake hapana kupika wala kuzika. Hapo ndipo daleti na vavu zilipopatia sababu yake.

Talmudi ya Babeli, katika sura ya kwanza ya kitabu chake kiitwacho Rosh Hashana, inamtaja mwanazuoni Ula aliyekuja Babeli kutoka nchi ya Israeli. Alieleza kwamba kule alikotoka mwezi wa Eluli, unaoitangulia Tishri, umeongezwa siku moja, na kwamba wenzake wa Babeli wanapaswa kuutambua wema waliotendewa. Wema gani? Talmudi inatoa majibu mawili. Ula mwenyewe alisema: kwa ajili ya mboga. Rabi Aha bin Hanina alisema: kwa ajili ya maiti.

Huenda msomaji akashangaa kuona mboga na maiti zikiwekwa katika mizani moja, lakini hoja ni ile ile. Mboga zilizochumwa kabla ya siku ya kwanza ya mapumziko zitakuwa zimenyauka kufikia mwisho wa siku ya pili. Maiti aliyefariki mwanzoni mwa siku hizo atalala ndani ya nyumba siku mbili bila kuzikwa, na desturi ya Kiyahudi ni kuzika mapema iwezekanavyo. Talmudi yenyewe inauliza kwa nini wema huu uwahusu watu wa Babeli hasa, na inajibu kwamba Babeli kuna joto kuliko nchi ya Israeli. Kwa maoni yangu, jibu hilo ni la thamani kubwa, kwa kuwa linaonyesha kwamba waliokuwa wakiipanga kalenda walifikiria jiko na chumba cha msiba cha watu walio mbali nao, na hawakuishia katika kutazama anga.

Mtu anaweza kupinga akisema: je, mwaka ukianza Alhamisi hatupati siku tatu mfululizo? Rosh Hashana huadhimishwa siku mbili, kwa hivyo ni Alhamisi na Ijumaa, kisha Sabato. Ni kweli, na jambo hilo hutokea mara nyingi. Lakini siku mbili za kwanza ni sikukuu za kawaida ambamo kupika kunaruhusiwa, na uko utaratibu wa kuanza matayarisho ya Sabato kabla ya sikukuu kuingia. Uzito uko pale makatazo kamili yanapofuatana na makatazo kamili. Na mwaka ulioanza Alhamisi una faida nyingine: Siku ya Upatanisho huangukia Jumamosi yenyewe. Siku mbili nzito huwa moja.

Mierebi

Jumapili ina sababu yake mbali. Mwaka ukianza Jumapili, Siku ya Upatanisho ni Jumanne, na hapo hapana tatizo lolote. Tatizo liko mbele zaidi, katika siku ya ishirini na moja ya mwezi, ambayo ni siku ya saba ya Sikukuu ya Vibanda. Siku hiyo huitwa Hoshana Raba. Katika sinagogi waumini huchukua matawi ya mierebi na kuyapiga chini huku wakiomba wokovu na mvua.

Kutoka siku ya kwanza hadi ya ishirini na moja ni siku ishirini, yaani majuma matatu kasoro siku moja. Kwa hivyo Hoshana Raba huangukia siku moja nyuma ya siku ya juma iliyoanza mwaka. Mwaka ukianza Jumapili, itakuwa Jumamosi, na mierebi haipigwi siku ya Sabato.

Talmudi ya Yerusalemu, katika kitabu cha Suka, ina agizo la Rabi Simoni kwa wale wanaopiga hesabu za kalenda. Aliwaambia wajihadhari mwaka mpya wenye kupigwa baragumu usiangukie Sabato, na vilevile siku ya mierebi isiangukie Sabato. Lakini wakibanwa, akasema, waache baragumu iangukie Sabato na wasiiache mierebi. Agizo hili linaeleza kwa nini Jumamosi haimo katika ADU, ingawa baragumu ya pembe ya kondoo dume haipulizwi Rosh Hashana inapokuwa Sabato.

Inashangaza kwamba mierebi ipewe nafasi ya mbele kuliko baragumu, maana baragumu imeamriwa katika Torati ilhali desturi ya kupiga mierebi haimo humo kwa maneno ya wazi. Nionavyo mimi, siri iko katika uhaba wa nafasi. Kwa jamii za leo, baragumu isiyopulizwa Jumamosi hupulizwa Jumapili, siku ya pili ya Rosh Hashana. Mierebi ina siku moja tu katika mwaka mzima. Ikikosa, imekosa. Isitoshe, desturi isiyo na amri ya wazi nyuma yake ndiyo husahaulika upesi ikiachwa.

Tazama pia uhusiano wa siku zilizokatazwa: hakuna mbili zinazofuatana. Baada ya Jumapili ipo Jumatatu, baada ya Jumatano ipo Alhamisi, na baada ya Ijumaa ipo Jumamosi. Kwa hivyo anayekimbia siku iliyokatazwa hupata kimbilio kesho yake. Lau Jumamosi ingeongezwa ili kuilinda baragumu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zingekuwa ukuta mmoja, na mwaka ungelazimika kuuruka kwa siku tatu huku mwezi ukiendelea kukua angani.

Je, kanuni hii ni ya tangu kale?

Hapa ushahidi ni wazi, nao unatoka katika maandishi ya Wayahudi wenyewe. Mishna, iliyokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, inazungumzia bila wasiwasi hali ambazo kanuni ya ADU ingezifanya zisiwezekane. Katika kitabu cha Menahoti inaeleza kinachofanywa na mbuzi wa sadaka iwapo Siku ya Upatanisho imeangukia Ijumaa: nyama yake huliwa jioni, na kwa kuwa kupika hakuruhusiwi, wako makuhani walioitwa Wababeli ambao waliila mbichi. Katika kitabu cha Suka inaeleza ibada ya mierebi hekaluni iwapo siku ya saba ya sikukuu imeangukia Sabato.

Enzi hizo mwezi mpya ulitangazwa kwa ushahidi wa watu waliouona kwa macho. Mashahidi walifika mbele ya baraza, wakahojiwa, na siku ikatakaswa. Baraza halikuwa na mamlaka kamili juu ya siku ya juma ambayo mwezi ungeonekana. Hesabu iliposhika nafasi ya macho ndipo ikawezekana kuchagua. Mapokeo yanamtaja kiongozi Hileli wa Pili, mwaka 358 au 359, kuwa ndiye aliyeidhinisha kalenda ya hesabu. Lakini hati za karne ya 9 na ya 10 zinaonyesha kwamba baadhi ya vipengele vyake vilikuwa bado vinaumbika. Wakaraimu, ambao ni kundi la Wayahudi wasioyakubali mamlaka ya Talmudi, waliendelea kufuata mwezi wa kuonekana, na kwao mwaka unaweza kuanza Jumapili, Jumatano au Ijumaa.

Jinsi mwaka unavyosogezwa: mfano wa 2023

Tuchukue mwaka wa Kiyahudi wa 5784. Kwa hesabu, mwezi wa Tishri ulizaliwa Ijumaa tarehe 15 Septemba 2023, saa kumi na moja na dakika 49 alfajiri. Kuzaliwa huku kwa hesabu huitwa moladi, nako hutokana na kuongeza siku 29, saa 12 na vipande 793 kwa kila mwezi uliopita. Kama si ADU, Ijumaa hiyo ingekuwa Rosh Hashana, na Siku ya Upatanisho ingekuwa Jumapili tarehe 24. Kanuni ikaahirisha mwaka hadi Jumamosi tarehe 16 Septemba, na Siku ya Upatanisho ikawa Jumatatu tarehe 25.

Mfano wa Jumapili ni mwaka 5780. Moladi ilikuwa Jumapili tarehe 29 Septemba 2019, saa kumi na moja na dakika 50 alfajiri. Mwaka ulianza Jumatatu tarehe 30, na mierebi ikapigwa Jumapili tarehe 20 Oktoba badala ya kukwama Jumamosi tarehe 19.

Lakini siku hiyo moja inayoongezwa hutoka wapi? Wengi hudhani kwamba huchomekwa mwishoni mwa mwaka, usiku wa kuamkia mwaka mpya. Sivyo. Katika kalenda ya hesabu, miezi yote kutoka Nisani, mwezi wa Pasaka, hadi Tishri ina idadi ya siku isiyobadilika. Kutoka siku ya kwanza ya Pasaka hadi Rosh Hashana ni siku 163 daima. Miezi inayoweza kunyooshwa au kupunguzwa ni miwili tu, Heshvani na Kislevu, ambayo hufuata Tishri. Kila mmoja wao unaweza kuwa na siku 29 au 30. Kwa hivyo mwaka wa kawaida, wenye miezi 12, una siku 353, 354 au 355. Ule wenye miezi 13 una 383, 384 au 385.

Kwa sababu hiyo, ili mwaka 5784 uanze Jumamosi badala ya Ijumaa, mwaka 5783 ulipewa siku 355 badala ya 354. Siku iliyoongezwa ilikuwa tarehe 30 Heshvani, iliyoangukia 24 Novemba 2022, karibu miezi kumi kabla ya Ijumaa iliyokuwa ikikimbiwa. Hata Pasaka ya 2023, iliyoanza Alhamisi tarehe 6 Aprili, ilikuwa tayari imesogezwa nayo. Ndiyo maana Pasaka pia ina siku zake zisizowezekana: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Mchana kama mpaka

Kanuni ya pili inahitajika ili tuelewe madhara ya ile ya kwanza. Moladi ikitokea saa sita mchana au baadaye, siku hiyo huhesabiwa kuwa imepita, na mwaka huanza kesho yake. Mfano ulio karibu nasi ni wa mwaka 5786. Moladi ilikuwa Jumatatu tarehe 22 Septemba 2025, saa sita na dakika 10 mchana. Kwa sababu ya dakika hizo kumi, mwaka ulianza Jumanne tarehe 23.

Kanuni hizi mbili zikikutana, mwaka huahirishwa kwa siku mbili. Moladi ya mwaka 5781 ilikuwa Alhamisi tarehe 17 Septemba 2020, baada ya jua kupita utosi. Alhamisi ikaachwa kwa ajili ya mchana, Ijumaa ikaachwa kwa ajili ya vavu, na mwaka ukaanza Jumamosi tarehe 19. Zaidi ya siku mbili haiendi kamwe.

Mgawanyo wa siku zilizobaki nao una sura ya kuvutia. Katika mzunguko kamili wa kalenda, ambao ni miaka 689,472, mwaka huanza Alhamisi karibu asilimia 32, Jumamosi karibu 29, Jumatatu 28, na Jumanne 11.5 tu. Jumanne imepungukiwa kwa sababu kila moja ya zile tatu nyingine ina siku iliyokatazwa nyuma yake inayoimiminia miaka yake, ilhali nyuma ya Jumanne kuna Jumatatu, ambayo hailazimiki kuachia. Na kama kwamba hilo halitoshi, Jumanne yenyewe hunyang'anywa baadhi ya miaka, kama tutakavyoona hivi punde.

Rai ya Maimonide

Mwanafalsafa Maimonide, aliyeandika katika karne ya 12 huko Misri, alitoa sababu tofauti kabisa. Alidai kwamba kuahirisha kulitokana na tofauti kati ya mwendo wa wastani wa mwezi, unaotumiwa katika hesabu, na mwendo wake halisi. Kwa mujibu wake, wahasibu walipanga siku moja ya kuthibitisha na moja ya kuahirisha, kwa kupokezana, ili waifikie siku ya mkutano halisi wa jua na mwezi.

Kwa heshima zote kwa mwanazuoni huyo, sioni kwamba rai hii inasimama. Ni kweli kwamba mwezi halisi unaweza kutangulia au kuchelewa kwa saa kadhaa ukilinganishwa na ule wa wastani. Lakini kosa hilo halina uhusiano wowote na siku ya juma: mwezi wa Jumatano haukosei zaidi ya mwezi wa Alhamisi. Isitoshe, kupokezana kwenyewe hukatika, kwa kuwa Jumatatu na Jumanne hufuatana na zote mbili huthibitishwa. Mboga, maiti na mierebi zinaeleza kila moja ya siku tatu bila kuacha pengo. Rai ya anga haielezi hata moja kati yake kwa jina.

Mwaka mrefu kupita kiasi: 922 na 2028

Sasa tufike penye ugumu. Kanuni ya ADU ikiachwa peke yake pamoja na ile ya mchana, huzaa miaka isiyowezekana. Mwaka 2028 utatuonyesha jambo hili.

Moladi ya mwaka 5789 itakuwa Jumanne tarehe 19 Septemba 2028, saa tisa na dakika 20 usiku. Ni kabla ya mchana, na Jumanne si miongoni mwa ADU. Basi, mtu atasema, mwaka uanze Jumanne. Lakini tutazame mwaka unaofuata. Miezi 12 baadaye, moladi itakuwa Jumamosi tarehe 8 Septemba 2029, saa sita na dakika 9 mchana. Mchana umepita kwa dakika tisa, kwa hivyo Jumamosi haifai. Jumapili ni alefu, nayo haifai. Mwaka 5790 utaanza Jumatatu tarehe 10 Septemba. Ukihesabu kutoka Jumanne ile ya 2028 hadi Jumatatu hii ya 2029 utapata siku 356. Hata Heshvani na Kislevu zikipewa siku 30 kila moja, mwaka wa miezi 12 hauwezi kuzidi 355.

Suluhisho ni kuuahirisha mwaka 5789 wenyewe. Jumatano ni daleti, kwa hivyo unasogea hadi Alhamisi tarehe 21 Septemba 2028, na sasa una siku 354. Hii ndiyo kanuni ya tatu: mwaka wa kawaida ambao moladi yake ni Jumanne, kuanzia saa tisa na vipande 204 usiku, huanza Alhamisi. Kipimo hicho hakikutungwa ovyo. Ukichukua Jumamosi saa sita mchana kamili, ukarudi nyuma miezi 12, utajikuta hapo hapo. Iko pia kanuni ya nne, adimu zaidi, inayozuia mwaka wa miezi 13 kuwa mfupi kupita kiasi, nayo hutokana na mantiki hiyo hiyo. Zote mbili ni watoto wa ADU: kama Jumapili isingekatazwa, moladi ya Jumamosi mchana ingetua Jumapili, mwaka ungekuwa na siku 355, na pasingehitajika kuirekebisha Jumanne.

Kwamba jambo hili si mchezo wa tarakimu lilidhihirika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Moladi ya mwaka 4684, katika majira ya vuli ya mwaka 923, ilikuwa Jumamosi, dakika 13 baada ya saa sita mchana. Wanazuoni wa Babeli, ambao mtetezi wao mashuhuri alikuwa Saadia mzaliwa wa Misri, walisema mchana ni mchana. Mwaka uanze Jumatatu. Haruni bin Meiri, kiongozi wa wanazuoni wa nchi ya Israeli, alishikilia kwamba mpaka haukuwa saa sita kamili bali vipande 642 baadaye, yaani karibu dakika 36. Kwake yeye Jumamosi ilifaa.

Kwa kuwa marekebisho hufanywa mapema, mgogoro haukungoja mwaka 923. Mwaka 922 nao ulikuwa na moladi ya Jumanne baada ya saa tisa usiku, sawasawa na 2028. Wababeli waliusogeza hadi Alhamisi. Bin Meiri, asiyekuwa na mwaka wa siku 356 wa kuepuka, aliuacha Jumanne. Na ili kufika huko, kila upande uliipa Heshvani na Kislevu ya mwaka uliotangulia urefu wake. Matokeo yake ni kwamba katika masika ya 922 Pasaka ilianza Jumapili kwa wafuasi wa bin Meiri na Jumanne kwa wafuasi wa Babeli. Kulikuwa na watu waliokula mkate uliochachwa siku ambayo ndugu zao waliihesabu kuwa ya Pasaka, na waliokula Siku ya Upatanisho ya wenzao. Barua za pande mbili zilipatikana katika ghala la maandishi la sinagogi la Kairo.

Hesabu ya Babeli ndiyo iliyoshinda, na ndiyo inayotumika leo. Lau ya bin Meiri ndiyo ingeshinda, dakika zile tisa za tarehe 8 Septemba 2029 zisingekuwa kitu: mwaka 5790 ungeanza siku hiyo hiyo ya Jumamosi, na ule wa 5789 ungebaki Jumanne tarehe 19 Septemba 2028, mahali mwezi wenyewe ulipouweka.